Nyumba ya Nyali, ushuru wa Leicester

Tuseme muuguzi aliyekulia Mombasa amepata nyumba mjini Leicester kwa pauni 300,000. Benki itamkopesha asilimia 90, naye atatoa 30,000 alizodunduliza miaka mingi. Akidhani mambo yamekwisha, wakili anamwuliza: una nyumba nyingine popote duniani?

Anayo, Nyali, ya thamani ya pauni 60,000. Jibu hilo litamgharimu.

England hutoza ushuru wa stempu kwa ngazi. Tangu Aprili 2025, pauni 125,000 za kwanza za bei hazitozwi kitu. Kutoka hapo hadi 250,000 ni asilimia 2, na kutoka 250,000 hadi 925,000 ni asilimia 5. Juu yake kuna ngazi za matajiri. Kila kiwango hugusa kipande chake tu. Kwa nyumba ya 300,000, kipande cha pili, cha 125,000, kinatoa pauni 2,500, na zile 50,000 za juu zinatoa 2,500 nyingine. Jumla ni 5,000.

Zamani haikuwa hivyo. Hadi Desemba 2014, kiwango kimoja kilishika bei nzima. Nyumba ya pauni 250,000 ililipiwa 2,500, lakini ikizidi kwa pauni moja tu, ushuru uliruka hadi 7,500. Nani angekubali kununua kwa 251,000? Bado wapo wanaoogopa kuvuka ngazi kana kwamba sheria ile ingalipo.

Shida ya muuguzi wetu ni nyingine. Mwenye nyumba nyingine ya thamani ya pauni 40,000 au zaidi, iwe Uingereza au Nyali, huongezewa asilimia 5. Nyongeza hii haijui ngazi ya sifuri: inaanza na pauni ya kwanza. Asilimia 5 ya 300,000 ni 15,000, kwa hiyo atalipa 20,000. Mnunuzi wa mara ya kwanza, ambaye hajawahi kumiliki wala kurithi nyumba popote, angelipa sifuri kwa nyumba hiyohiyo, mradi aishi humo.

Ushuru huu hulipwa ndani ya siku 14 baada ya kukamilisha ununuzi, na mawakili wengi hutaka fedha zote mapema. Mkopo wa asilimia 90 umekokotolewa kwa bei ya nyumba, ushuru haumo. Kwa hiyo akiba anayohitaji si 30,000 bali 50,000, kabla hajamlipa wakili mwenyewe.

Kinachoangaliwa ni anamiliki nini siku ya kukamilisha ununuzi inapoisha. Akiwa ameshauza ile ya Nyali, na hana nyingine, zile 15,000 zinaondoka. Zile 5,000 zinabaki, kwa kuwa aliwahi kumiliki. Na kama ameolewa, wakili atauliza pia mumewe ana nyumba gani.