Kampuni moja, adresi tatu: namna ya kujua makao makuu na sukirsali

Tuseme uko mama mwenye depo kule Butembo, komini ya Kimemi. Kampuni moja ya vifaa vya ujenzi ilikodi depo yako kwa dola 600 kwa mwezi. Sasa miezi sita imepita bila malipo, deni limefika dola 3.600. Unaenda kuona mukubwa wa biro yao ya Butembo, anakujibu: "Mama, sisi hapa ni sukirsali tu. Makao makuu iko Kinshasa, nenda ukaombe kule." Unafungua bahasha yenye makaratasi waliyokuachia siku ya kusaini, na unakuta adresi tatu: RCCM inasema Gombe, statiti inasema Limete, na fakitire inasema Butembo. Sasa deni ni la nani, na barua utaituma wapi?

Mufano huu tumeutunga sisi, lakini hali yenyewe wakaaji wengi wa huku mashariki wanaifahamu. Basi tuchukue bahasha ya huyu mama na tusome karatasi moja kwa moja.

Kwanza, maneno mawili

Tangu tarehe 12 Septemba 2012, biashara katika Kongo inafuata sheria za OHADA. Sheria hizo zinadai kila kampuni iwe na makao makuu, yale tunayoita siyeji sosiali, na yaandikwe katika statiti. Wenye kampuni wanachagua wenyewe: ni fasi kazi kubwa inapofanyikia, ao ni fasi viongozi wanapoketi na kusimamia mali. Hawawezi kuandika nambari ya sanduku la posta peke yake. Lazima kuwe na adresi, ao maelezo ya kutosha ili mutu aweze kufika pale.

Sukirsali ni kitu kingine. Ni nyumba ya kazi ya ile ile kampuni, yenye uhuru kidogo wa kujiendesha: iko na mukubwa wake, kasha yake, wateja wake. Lakini mbele ya sheria haiko mutu. Artikle ya 117 ya sheria ya OHADA juu ya makampuni inasema wazi kwamba sukirsali haina utu wake mbali na mwenye kuimiliki. Haki na madeni yanayotoka katika kazi yake yanaingia katika mali ya kampuni nzima.

Kwa hiyo yule mukubwa amesema kweli nusu. Ni kweli yeye ni sukirsali. Lakini deni la Butembo ni deni la kampuni yote, na mali ya kampuni inalijibu, hata ile iliyo Kinshasa. Na hata wakifunga mulango wa Butembo kesho, deni halifungwi pamoja nao.

Karatasi ya RCCM

RCCM ndiyo daftari la biashara. Linashikwa na grefu ya mahakama ya biashara, ao pale mahakama hiyo haiko, grefu ya mahakama kuu ya eneo. Kampuni inajiandikisha kwenye grefu ya eneo ambako makao makuu iko. Huo ndio uandikisho wa kwanza. Ikifungua sukirsali katika eneo la mahakama nyingine, iko na mwezi mumoja kuanzia siku ya kuanza kazi ili iombe uandikisho wa pili kwenye grefu ya kule.

Sasa angalia nambari. Ile ya mama yetu inaonekana hivi:

```
CD/KIN/RCCM/17-B-00358
```

CD ni Kongo. KIN ni grefu iliyoandika, ni kusema Kinshasa. LSH ingekuwa Lubumbashi. Usishangae ukikuta Kinshasa imeandikwa KNG, herufi za muji hazikuwa sawa siku zote. 17 ni mwaka wa 2017. B inaonyesha ni kampuni. Kama ingekuwa A, ni mutu binafsi anafanya biashara kwa jina lake. Namba ya mwisho ni ya mufululizo wa mwaka ule.

Herufi za muji zinakupa dokezo, hazikupi jibu kamili. Sukirsali nayo iko na karatasi yake ya RCCM kutoka grefu ya kwake. Kwa hiyo usisome nambari tu, soma mustari unaosema ni uandikisho wa namna gani. Karatasi ya sukirsali inasema ni uandikisho wa pili, na inataja nambari ya uandikisho wa kwanza. Hiyo nambari inayotajwa ndiyo inakupeleka kwenye makao makuu. Katika bahasha ya mama, karatasi ya grefu ya huku inataja ile nambari ya Kinshasa. Basi Butembo ni sukirsali, na jambo hilo limekwisha.

Chunga kitu kimoja. Kama karatasi ya Butembo ingesema ni uandikisho wa kwanza, pamoja na statiti yake na kapitali yake, hiyo haingekuwa sukirsali. Ingekuwa filiali, ni kusema kampuni nyingine kabisa, hata kama jina linafanana na rangi ya mulango ni moja. Filiali inajibu madeni yake yenyewe, na kwa kawaida huwezi kumwendea mzazi wake wa Kinshasa. Ndiyo maana unapaswa kujua hilo mbele ya kusaini kontra, si kiisha deni kuzaliwa.

Gombe ao Limete?

Inabaki shida ya Kinshasa. RCCM inasema Gombe, statiti inasema Limete. Hapa angalia tarehe. Karatasi ya RCCM ya mama ni fotokopi ya 2017. Statiti aliyo nayo ilirekebishwa 2021. Bila shaka kampuni ilihama.

Sheria inaruhusu kuhama. Ndani ya muji mumoja, uamuzi wa viongozi wa kampuni unatosha. Kwenda muji mwingine, lazima wenye kampuni wabadilishe statiti kwa njia yake yote. Lakini katika hali zote mbili, mabadiliko yanapaswa kuandikwa kwenye RCCM katika siku 30. Kampuni nyingi zinasahau hatua hii ya mwisho, na huko ndiko adresi mbili zinazaliwa.

Dawa ni kuomba grefu ikupe karatasi mupya ya RCCM, yenye tarehe ya sasa. Daftari hili ni la watu wote, hauhitaji ruhusa ya kampuni. Kama huwezi kufika Kinshasa, anza na grefu ya huku yenye faili ya sukirsali, kisha ndugu ao avoka aliye Kinshasa amalizie kule kwa nambari ya kwanza. Karatasi mupya ikisema Limete, ni Limete. Ikingali inasema Gombe, kampuni haiwezi kukukatalia kwa sababu ulifuata daftari, maana kosa la kutoandika ni lake. Lakini kwa usalama, taja zote mbili katika barua yako: makao makuu yaliyoandikwa Gombe, na yale yanayotajwa Limete katika statiti.

Fakitire, Id. Nat. na nambari ya kodi

Watu wengi wanaangalia kichwa cha fakitire na kusema: "Adresi yao ni hii." Fakitire inaonyesha fasi wanakouzia. Kwa kweli sheria inaomba kila karatasi ya kampuni inayotolewa kwa watu wa inje itaje jina, aina ya kampuni, kapitali, adresi ya makao makuu na nambari ya RCCM. Kwa hiyo tafuta mara nyingi chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo ndogo. Pale ndipo utakuta makao makuu. Kama hakuna kitu, hiyo peke yake ni sababu ya kuuliza.

Id. Nat. inatoka kwa wizara ya ekonomia, na nambari ya kodi inatoka DGI. Karatasi hizo zinaonyesha kwamba kampuni inajulikana na serikali, lakini siyo zinazoamua makao makuu ni wapi. Adresi iliyo pale inaweza kuwa ya zamani sana.

Na kama Kinshasa ni jina tu?

Kuna kampuni zinazoandika Kinshasa juu ya karatasi, lakini jera anaishi Butembo, mikutano inafanyikia Butembo, vitabu vya hesabu viko Butembo. Kule Gombe unakuta chumba kimefungwa. Sheria iliona hilo pia. Artikle ya 26 inasema watu wa inje wanaweza kutegemea makao yaliyo katika statiti, lakini kampuni haiwezi kuwalazimisha kuyafuata ikiwa makao ya kweli ni fasi nyingine. Uchaguzi ni wako, si wao. Ila lazima ulete vitu vya kuonyesha: barua za jera, ripoti za mikutano zenye jina la muji, maneno ya wisiye aliyekuta ofisi imefungwa. Juji ndiye atapima.

Mama afanye nini?

Barua ya kudai aiandike kwa jina kamili la kampuni, si kwa jina la mukubwa wa Butembo wala "sukirsali ya Butembo" peke yake. Aandike aina ya kampuni, nambari ya kwanza ya RCCM na makao makuu. Nakala moja aiache Butembo na kusainisha kwamba wameipokea, nyingine aitume Kinshasa. Akifika mbali na kuomba juji aamuru kampuni ilipe, ombi hilo linapaswa kutaja aina, jina na makao makuu ya mwenye deni. Ukikosea hapo, ombi linaweza kutupwa mbele hata juji hajasoma habari ya deni.

Na kwa kontra itakayofuata, kuna mustari mumoja wa kuongeza: kwamba kwa mambo yote ya kontra hii, kampuni inachagua makao yake kwenye sukirsali ya Butembo, na mahakama ya huku ndiyo itaamua. Sheria inakubali mapatano hayo. Wakikubali kuweka saini chini ya mustari huo, hakuna atakayekuambia tena uende kuomba Kinshasa. Wakiukataa, umejua kitu mbele ya kuwapa ufunguo wa depo.