Ekari Tatu Ni Mifuko Mingapi?

Kabla ya mvua za Novemba, wakulima wengi wa mahindi wa Nyanda za Juu Kusini huandika mpango wao kwa mstari mmoja: ekari 3, DAP mifuko 3, Urea mifuko 3. Wamezoea mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari, na mazoea hayo yana msingi. Pale kiwango kilichoshauriwa kinapokuwa kilo 125 kwa hekta, ukikigawa kwa ekari 2.47 zinazoingia katika hekta moja unapata kilo 50 na ushee. Mfuko hauna kosa. Kinachopaswa kutiliwa shaka ni ekari yenyewe.

Vijijini, ekari hupimwa hatua 70 kwa hatua 70. Hatua ya mtu mzima inayokaribia yadi moja, yaani sentimita 91, huleta mita za mraba 4,100 hivi, na ekari halisi ni 4,047. Kipimo hicho kinafaa. Siku hizi, hata hivyo, wengi hutumia kamba ya mita wakaibakiza ile 70 kwa 70. Hapo eneo linakuwa mita za mraba 4,900, zaidi ya ekari halisi kwa asilimia 21. Hakuna aliyedanganya, ila mpango wa mbolea umekwishapotoka.

Tuchukue shamba lililopimwa kwa kamba hiyo: urefu mita 210, upana mita 70. Mwenyewe analiita ekari 3. Zidisha pande hizo upate mita za mraba 14,700. Gawa kwa 10,000, ni hekta 1.47. Zidisha kwa kiwango cha kilo 125, zinahitajika kilo 184 za DAP. Gawa kwa uzito wa mfuko, kilo 50, inakuja mifuko 3.7. Mpango ulisema 3.

Kilo 34 zinazopungua huonekana shambani. Kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 60 kati ya mashimo, mbegu mbili kila shimo, shamba hili lina mistari 93 hivi, na kila shimo linastahili gramu 5.6. Mifuko 3 ikiwekwa kwa kipimo hicho itaisha mistari 17 kabla ya mwisho. Ndipo wanaopanda wanaanza kupunguza mkono, na mahindi ya upande mmoja yanatoka dhaifu. Baadaye lawama huangukia mbegu au muuza pembejeo.

Kununua mifuko 4 kutabakiza kilo 16, ambazo zinahitaji kufungwa vizuri na kuwekwa pakavu. Kama duka lina mifuko ya kilo 25, mitatu ya 50 na mmoja wa 25 inafanya kilo 175. Pungufu ni asilimia 5 tu, na mimi ningeikubali, ilimradi kila shimo lipunguziwe kidogo tangu mstari wa kwanza.

Kizibo cha soda ndicho kipimo cha wengi, lakini uzito wake hutegemea aina ya mbolea na namna kinavyojazwa. Jaza vizibo 100, umwage kwenye mfuko wa plastiki, upime kwenye mizani ya dukani. Kwa shamba letu vinapaswa kukaribia gramu 560. Vikifika 700, mbolea itaisha kabla ya shamba hata kama mifuko ilihesabiwa sawasawa. Jaza kwa usawa wa ukingo, bila kilele, kisha pima tena.

Mbolea ya kukuzia huhesabiwa vivyo hivyo, ila kwanza soma karatasi ya ushauri inataja kilo za nini. Kilo 60 za nitrojeni kwa hekta si kilo 60 za Urea. Urea ina nitrojeni asilimia 46, kwa hiyo gawa 60 kwa 0.46 na utapata kilo 130 za Urea. Tofauti hiyo inauma zaidi Urea inapokosekana dukani na mkulima akapewa CAN mfuko kwa mfuko. Mfuko wa Urea wa kilo 50 una kilo 23 za nitrojeni. Wa CAN ulioandikwa 26 una kilo 13. Akibadilisha moja kwa moja, mahindi yatapata zaidi kidogo ya nusu ya chakula kilichopangwa. Mifuko 7 ya CAN ndiyo inayokaribia kazi ya mifuko 4 ya Urea.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, kabla ya kutoa fedha mwombe afisa ugani aandike kwenye mpango wako vitu vitatu: urefu na upana wa shamba kwa mita, kiwango kwa hekta pamoja na jina kamili la mbolea, na uzito wa mfuko. Vikiwapo hivyo, mtoto wako wa shule anaweza kukagua hesabu nzima.