Shule ya uchawi: nani anafaidika na ugomvi wa mabweni?

Katika kitabu cha kwanza cha Harry Potter, kilichotoka mwaka 1997, kuna mechi moja ya Quidditch ambayo anayetaka kutunga shule yake ya uchawi anapaswa kuisoma akiwa na kalamu mkononi. Harry yuko hewani juu ya ufagio, mara ufagio unaanza kumrusha huku na huku ukitaka kumwangusha. Rafiki yake Hermione anaangaza jukwaani kwa darubini, anamwona mwalimu Snape amemkazia macho Harry huku midomo ikimchezacheza. Anakimbia, anawasha moto kwenye joho la Snape, na ufagio unatulia. Msomaji naye anakata shauri: mbaya wetu ni Snape. Kumbe katika zile mbio Hermione alimpamia mwalimu mwingine, Quirrell, akamwangusha kifudifudi. Huyo ndiye aliyekuwa akiuroga ufagio. Snape alikuwa akiukinga.

Hakuna kilichofichwa hapo. Quirrell anaanguka mbele ya macho yetu, lakini hatumjali, kwa sababu Snape ni mlezi wa bweni la Slytherin, mahasimu wa bweni la Harry, na mechi yenyewe ni ya mabweni hayo mawili. Tukishajua nani hampendi nani, hatuulizi tena nani ana sababu ya kuua. Kazi ya makundi ya wanafunzi katika hadithi za aina hii ni hiyo: kumpa msomaji jibu la haraka ambalo si la kweli.

Miswada mingi huanzia kwenye rangi za bendera. Bweni la mashujaa, bweni la wenye akili, bweni la waovu. Ukishakuwa na bweni la waovu umeshamtaja mhalifu, na kurasa mia tatu zinazobaki ni za kupoteza muda. Mimi ningeanzia kwingine kabisa, kwenye gharama ya uchawi, kwa sababu mtaala, makundi na adui vyote vinaweza kutoka humo.

Tuijenge moja. Shule iko kwenye kisiwa kidogo, katika jengo la zamani lenye birika la maji ya mvua chini ya sakafu. Sheria ya uchawi ni moja: kila tendo humgharimu mtendaji sauti yake kwa muda. Kuwasha taa bila kiberiti kunakufanya bubu kwa muda wa birika la chai kuchemka. Kusukuma jahazi pasipo upepo ni kutwa nzima. Kuunga mfupa uliovunjika ni juma zima.

Sasa mtaala unajiandika. Mwaka wa kwanza wanafunzi hawagusi uchawi wowote hadi wajue lugha ya ishara, maana darasa la mabubu haliendeshwi bila hiyo. Kila mmoja anapewa daftari la kimya, anaandika alichotenda na muda aliokaa bila sauti, na mwalimu hulilinganisha na jedwali la shule. Mwaka wa pili wanajifunza kuiga sauti za watu na viumbe, kisha kuchangia gharama: watu wanne wakitenda pamoja, kila mmoja analipa robo. Mtihani wa mwisho ni wa mdomo, kwa hiyo wiki zile za mwisho hata wakorofi huwasha taa kwa kiberiti. Sheria ya uchawi ikibadilika, maisha ya shule yanabadilika nayo. Rowling alipoitaja Uagadou, shule ya Kiafrika aliyoiweka kwenye Milima ya Mwezi, yaani Ruwenzori, alisema uchawi mwingi huko hutendwa kwa kuelekeza kidole au kwa ishara za mikono badala ya fimbo. Jambo dogo, lakini shule hiyo haiwezi kumwadhibu mtundu kwa kumnyang'anya fimbo. Adhabu zake lazima ziwe nyingine.

Makundi yazaliwe kwenye hoja ambayo watu wenye akili timamu wanaweza kubishania. Hapa hoja ni nani alipe. Bweni moja, tuwaite Wachangiaji, linasema gharama igawanywe, kwani bila hivyo mnyonge hatatenda jambo kubwa maishani. La pili, Wabebaji, linasema kila mtu abebe chake, kwani kwenye kuchangia hapakosi mvivu anayekula sauti za wenzake. Pande zote mbili zina haki. Ukijikuta unashangilia upande mmoja unapoandika, simama uupe ule mwingine mtu bora zaidi. Juu ya ugomvi huo weka kombe la kila muhula, linalokwenda kwa bweni lililotenda uchawi mwingi zaidi.

Adui ni mtunza maktaba, ndiye anayehesabu alama. Sauti zinazolipwa hazipotei, zinatiririka hadi kwenye birika, ambamo kuna kitu kilichofungwa zamani, na mtunza maktaba anakilisha. Kikishakusanya sauti ya mtu ya kutosha, kinaweza kumwamuru. Zamani shule ilitumia sauti chache. Yeye ndiye aliyeleta kombe.

Sasa dalili, na hapa ndipo kazi ilipo. Kila dalili iwe na tafsiri mbili, na ile ya kwanza iwe ya kuwalaumu wapinzani. Mbebaji mmoja anakaa kimya saa tatu kwa tendo la saa mbili, na bweni lake linasema Wachangiaji wamemtwisha mzigo wao kwa siri. Msichana aliyepoteza sauti anasikia usiku, ukumbini, kikohozi chake mwenyewe, na wenzake wanamwambia ni watu wa bweni lile wanamdhihaki, si walifundishwa kuiga sauti mwaka wa pili? Kombe nalo kila muhula hupatikana kwa tofauti ya alama mbili au tatu, na shule inajivunia ushindani mkali, kumbe mhesabuji anarekebisha ili bweni lolote lisikate tamaa likaacha kutenda.

Ukweli unapatikana daftari za kimya za mabweni yote mawili zikiwekwa meza moja, kwa sababu saa zilizozidi ziko kote kote. Hakuna aliyewahi kuziweka pamoja, maana nani angempa adui daftari lake? Walimu je? Msomaji atauliza, na jibu la kwamba ni wajinga halitamtosha. Mwalimu asiye na sauti hafundishi, kwa hiyo walimu hutenda uchawi mara chache sana na kimya chao hakizidi jedwali. Isitoshe, nao walitoka katika mabweni hayo hayo.

Kipimo cha muundo huu ni kuyaondoa mabweni kwa kalamu. Kama mtunza maktaba bado anafanikiwa, makundi yako ni mapambo. Hapa asingeambulia kitu: bila kombe sauti hazitoshi, na bila chuki daftari zingelinganishwa mapema.

Ursula Le Guin aliichukua njia nyingine katika A Wizard of Earthsea ya mwaka 1968. Katika shule ya Roke, kijana Ged anashindana na Jasper hadi kumwita roho wa maiti ili kumwonyesha uwezo wake, na kivuli kinachopenya hapo kinamwinda kwa muda mrefu. Mkuu wa shule anakufa akiziba ule ufa. Hapo hakuna mtu wa tatu anayechochea, majivuno yenyewe ndiyo mlango. Njia hiyo inafaa hadithi ya mtu mmoja. Ukitaka shule nzima ihusike, unahitaji anayefaidika.

Tena usiyapatanishe mabweni mwishoni. Mtunza maktaba akishafukuzwa na birika likakaushwa, kuunga mfupa bado ni juma zima la ububu na hakuna aliyeamua nani alilipe, kwa hiyo kitabu cha pili kina pa kuanzia.