Nafasi Ipo, Tiketi Haipo

Tuseme kijana wa Dar es Salaam anakwenda Dubai kupitia Addis Ababa, kwenda na kurudi. Binamu yake aliyeko huko amemuunganisha na wakala, pesa zimetumwa kwa simu, na jioni karatasi imeingia WhatsApp: nembo ya Ethiopian Airlines, jina lake, saa za kuondoka, na neno CONFIRMED. Begi linaanza kufungwa.

Karatasi hiyo huenda si tiketi. Wakala anaweza kumshikia abiria nafasi bila kulipia hata senti, na mfumo ukatoa ratiba nzima pamoja na ile PNR ya herufi na tarakimu sita. CONFIRMED hapo maana yake kiti kimeshikwa, basi. Shirika huweka muda wa mwisho wa kulipia, na ukipita, nafasi inafutwa. Tapeli mjanja hahitaji hata kughushi: kijana akifungua tovuti ya shirika usiku uleule anaiona safari yake, anaridhika, analala.

Cha kuulizia ni namba ya tiketi. Ina tarakimu 13, na tatu za mwanzo zinataja shirika lililoitoa: 071 ni Ethiopian, 706 Kenya Airways, 176 Emirates. Isipokuwepo, safari haijalipiwa. Namba nayo inaweza kubuniwa, kwa hiyo kijana apige simu au afike ofisi ya shirika lenyewe, kwa namba aliyoitafuta mwenyewe wala si aliyopewa na wakala. Aulize kama tiketi hiyo ni ya jina lililo kwenye pasipoti yake, na kama vipande vyote vinne vya safari, viwili vya kwenda na viwili vya kurudi, viko OPEN. Akiambiwa VOID au REFUNDED, tiketi iliwahi kutolewa kisha ikabatilishwa au pesa zikarudishwa.

PNR ikigoma kwenye tovuti, asikimbilie polisi. Mawakala hutumia mifumo yao ya kukatia tiketi, kama Amadeus au Sabre, na PNR ya huko wakati mwingine hutofautiana na ya shirika. Amwombe wakala PNR ya shirika. Wakala wa kweli huiona kwenye skrini yake na hutuma mara moja.

Kuhakiki mara moja hakutoshi. Kwa kawaida wakala anaweza kuibatilisha tiketi siku ileile aliyoitoa, na iliyonunuliwa kwa kadi ya wizi hufutwa baadaye, mwenye kadi akishalalamika benki. Kijana aulize tena kesho yake, kisha siku mbili tatu kabla ya safari, muda ukiwa bado upo wa kununua nyingine.

Na stakabadhi ya malipo aitunze. Tiketi ikirudishwa, shirika hupeleka pesa kulekule zilikotoka, yaani kwa wakala. Kaunta ya uwanja wa ndege haina cha kumpa.