Kosa Sanifu la Mteremko Linapima Nini Hasa?

Mwaka 1973 mwanatakwimu Mwingereza Francis Anscombe, aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Yale, alichapisha majedwali manne madogo ya namba. Kila jedwali lina jozi 11 za x na y. Ukichora mstari ulionyooka kwa kila jedwali, kwa ile njia ya kupunguza jumla ya miraba ya masalio, utapata majibu yaleyale mara nne: mteremko 0.50, kosa sanifu la mteremko 0.118, t ya 4.24, na thamani ya p karibu 0.002. Anayesoma majibu hayo peke yake ataapa kwamba amepewa ushahidi wa aina moja mara nne. Lakini jedwali moja tu kati ya hayo ndilo linalostahili kusomwa hivyo. Majedwali haya hutajwa sana kama himizo la kuchora grafu kabla ya kukokotoa, na himizo hilo ni sahihi. Kwangu mimi yana somo la ndani zaidi, nalo ni kwamba kosa sanifu halipimi kitu kinachoonekana ndani ya data. Linakadiria jambo ambalo halikutokea, yaani mteremko ungeyumba kiasi gani kama kazi yote ya kupima ingerudiwa upya, na linafanya makadirio hayo kwa kuamini masharti ambayo t yenyewe haiwezi kuyakagua.

Tuanze na jedwali la kwanza, ambalo masharti hayo yanalifaa. Thamani za x ni namba nzima kutoka 4 hadi 14, na wastani wake ni 9. Mstari unaopatikana ni y = 3 + 0.5x. Pale x ilipo 13, mstari unatabiri 9.50, lakini y iliyopimwa ni 7.58, kwa hiyo nukta hiyo ina salio la 1.92 chini ya mstari. Fanya hivyo kwa nukta zote 11, piga mraba kila salio, jumlisha, nawe utapata 13.76. Gawanya kwa 9 badala ya 11, kwa sababu mstari umekwisha kula digrii mbili za uhuru: moja kwa kimo chake, nyingine kwa mteremko wake. Kipeuo cha pili cha jibu ni 1.237. Hicho ndicho kipimo cha jinsi nukta zinavyotawanyika juu na chini ya mstari, na wengi hudhani hapo ndipo kosa sanifu la mteremko lilipo. Bado. Mtawanyiko huo ni wa y, na sisi tunauliza habari za mteremko.

Ili kutoka kwenye mtawanyiko wa y hadi kwenye kuyumba kwa mteremko, tunahitaji kujua x zimesambaa kiasi gani. Fikiria ubao ulioegeshwa juu ya vigingi viwili ambavyo urefu wake hauna uhakika, kila kimoja kikiweza kuzidi au kupungua sentimita moja. Vigingi vikiwa karibu karibu, sentimita hiyo moja inaubinua ubao vibaya. Vikiwa mbalimbali, ubao hausogei sana. Usambaaji wa x hupimwa kwa kuchukua tofauti ya kila x na wastani wake, kuipiga mraba na kujumlisha. Hapa jumla ni 110, na kipeuo chake cha pili ni 10.49. Gawanya 1.237 kwa 10.49, upate 0.118. Kwa hiyo anayepanga utafiti ana njia mbili za kupunguza kosa sanifu bila kununua mizani bora: kuongeza vipimo, au kuzisambaza x zaidi. Ya pili husahaulika, ingawa kuupanua usambaaji wa x mara mbili hupunguza kosa sanifu kwa nusu, wakati kwa kuongeza vipimo katika upana uleule ungehitaji mara nne ya vile ulivyonavyo.

Sasa hiyo 0.118 ina maana gani? Chukua x zilezile 11. Chukulia mstari wa kweli ni 3 + 0.5x, na kwamba kila y hutoka kwenye mstari huo ikiongezewa bahati nasibu yenye mtawanyiko wa 1.237. Zalisha y mpya, chora mstari, andika mteremko. Rudia mara elfu kumi. Kwa programu ya R, ambayo huja na majedwali ya Anscombe ndani yake, kazi hiyo ni mistari michache:

```
m <- replicate(10000, {
  y <- 3 + 0.5 * anscombe$x1 + rnorm(11, sd = 1.237)
  coef(lm(y ~ anscombe$x1))[2]
})
sd(m)
```

Jibu litakuwa karibu 0.118. Miteremko elfu kumi itatawanyika kuzunguka 0.5, na mkengeuko sanifu wake ndio kosa sanifu. Neno «kosa» hapa linaweza kumpotosha msomaji wa Kiswahili, kwa kuwa masikioni linaleta picha ya mtu aliyekosea. Hakuna aliyekosea. Kinachosemwa ni kuyumba kwa kawaida kwa kipimo kinachotokana na sampuli ndogo.

Tukishafika hapo, t haina fumbo. Ni mteremko uliogawanywa kwa kuyumba kwake, 0.500 kwa 0.118, yaani mteremko uko umbali wa hatua 4.24 kutoka sifuri. Swali ni kama hatua nyingi hivyo zingeweza kutokea kwa bahati tu iwapo mteremko wa kweli ungekuwa sifuri. Mtawanyiko wa 1.237 wenyewe tumeukadiria kutoka nukta chache, kwa hiyo hatuwezi kutumia kipimo cha 1.96 cha mgawanyo wa kawaida. William Gosset, aliyefanya kazi katika kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin na kuandika kwa jina la «Student», alionyesha mwaka 1908 jinsi ya kuuhesabu uhaba huo wa taarifa katika sampuli ndogo, na Ronald Fisher akaipeleka hoja hiyo kwenye mistari ya aina hii katika miaka ya 1920. Kwa digrii 9 za uhuru, mpaka wa asilimia 5 ni 2.262. Hatua zetu 4.24 zimeuvuka mbali. Kwa kuzidisha 2.262 kwa 0.118 tunapata pia masafa ya mteremko, kutoka 0.23 hadi 0.77, nayo kwa maoni yangu yana faida kuliko p, maana yanamwambia msomaji ukubwa wa jambo pamoja na kuwapo kwake.

Katika jedwali la pili hesabu haibadiliki, lakini nukta zinafuata upinde: zinapanda, zinafika kilele, zinaanza kushuka. Ukiingiza x mraba kwenye mlinganyo, zinakaa karibu kabisa juu ya upinde huo. Maana yake, kama ungerudia vipimo kwa x zilezile, y zingerudi karibu vilevile na mteremko usingeyumba hata kidogo. Ile 0.118 imepima kutofaa kwa mstari ulionyooka, kisha ikauita mtawanyiko. Katika jedwali la tatu nukta kumi zimepangika kwenye mstari mmoja wenye mteremko wa karibu 0.345, na nukta moja yenye y ya 12.74 imeruka juu, ikauvuta mteremko hadi 0.50 na papo hapo ikalivimbisha kosa sanifu. Hapa pia namba ni halali kihesabu, na si kuyumba kwa kitu chochote.

Jedwali la nne ndilo linalonishughulisha zaidi. Nukta kumi zina x moja tu, 8, na nukta iliyobaki ina x ya 19 na y ya 12.50. Wastani wa y za zile kumi ni 7.00. Mstari hauna hiari ila kupita kwenye wastani huo na kwenye nukta ya pekee, kwa hiyo mteremko ni 5.50 kugawanywa kwa 11, yaani 0.50. Kosa sanifu nalo limetoka wapi? Nukta ya pekee iko juu ya mstari moja kwa moja, salio lake ni sifuri kamili, haina la kusema kuhusu mtawanyiko. Mtawanyiko wote umetoka kwa zile kumi zilizo kwenye 8, kisha ukaazimishwa kwa ile iliyo kwenye 19 ambako hakuna aliyepima mara ya pili. Kama huko mtawanyiko ni mara tano ya hapa, hesabu haina njia ya kujua. Ile 4.24 inasimama juu ya kipimo kimoja na mkopo.

Kuna watakaosema kwamba Anscombe alizitunga namba hizi makusudi, na kwamba data halisi haziji hivyo. Ni kweli alizitunga. Lakini umbo la jedwali la nne hutokea kila mahali ambapo vitu vingi vimepimwa katika hali moja na kimoja kikapimwa mbali navyo: mashamba mengi yaliyowekewa kiasi kilekile cha mbolea na shamba moja lililowekewa mara mbili na zaidi, au miji midogo kumi pamoja na jiji moja. Huko halionekani kwa urahisi kama hapa, na ndiyo sababu ya kulijua kwa sura yake.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la kitaalamu: siku hizi zipo kanuni za kosa sanifu zinazokataa kuamini kwamba mtawanyiko ni mmoja kila mahali, na badala yake hutumia salio la kila nukta mahali pake. Kwa nini tusizitumie? Tuijaribu ile ya msingi. Kila salio hupigwa mraba, huzidishwa kwa mraba wa umbali wa x kutoka wastani, hujumlishwa, kisha jumla hugawanywa kwa mraba wa 110. Zile nukta kumi ziko umbali wa 1 kutoka wastani, na miraba ya masalio yao inafika 13.74. Nukta ya pekee iko umbali wa 10, lakini salio lake ni sifuri, hivyo haichangii chochote. Tunapata 13.74 kugawanywa kwa 12,100, na kipeuo chake cha pili ni 0.034. Kosa sanifu limeshuka kutoka 0.118, na t imepanda hadi karibu 14.8! Kanuni iliyoletwa kwa tahadhari imetangaza uhakika mkubwa zaidi, pale hasa ambapo taarifa ni haba zaidi. Kanuni zake zilizoboreshwa hurekebisha kila salio kulingana na nguvu ya nukta yake ya kuuvuta mstari. Kwa nukta hii marekebisho hayo yanakuwa sifuri kugawanywa kwa sifuri, na programu hushindwa kutoa jibu. Kushindwa huko ni kwa haki kuliko zile namba mbili zilizotangulia. Mwenye jedwali kama hili hana hesabu ya kumwokoa. Anahitaji kurudi kupima pale kwenye 19 mara kadhaa, ili mtawanyiko wa huko ujulikane kwa vipimo vya huko, na apime pia kwenye 12 na 15, aone kama kati ya 8 na 19 kuna mstari wowote wa kuutafutia t.