Picha Moja, Anwani Nzima

Tuseme ni Tanga, Jumamosi, na kikundi cha hisani cha mtaani kimemaliza kugawa viatu na madaftari kwa watoto wa shule za msingi. Volantia mmoja amempiga picha msichana wa darasa la tatu akiwa mlangoni kwa bibi yake, viatu vipya miguuni, meno yote nje. Mratibu anaiona kwenye simu na kuipenda. “Nitumie kama document,” anasema, “WhatsApp inaharibu picha.” Kabla ya jioni picha imo kwenye tovuti ya kikundi, chini yake jina la mtoto, umri, shule anayosoma na maneno mawili matatu juu ya marehemu mama yake.

Hakuna mwenye nia mbaya hapo. Ila kwa hatua hizo chache kikundi kimempa mtu yeyote mwenye intaneti jina la mtoto, sura yake, shule yake, habari kwamba amefiwa na mama, na nyumba anayolala.

Nyumba imeingiaje? Faili la picha ya simu hubeba maandishi yasiyoonekana machoni. Mpangilio wake unaitwa Exif, uliotungwa Japani mwaka 1995 ili kamera ziweze kuandika ndani ya picha saa iliyopigwa, aina ya kamera na hali ya mwanga. Simu janja zilipopata kipokezi cha setilaiti, mahali nako kukaandikwa humo, kwa nyuzi, dakika na sekunde za latitudo na longitudo. Dakika moja ya latitudo ni kama kilomita 1.85; sekunde moja ni kama meta 31. Simu huandika hata sehemu za sekunde, ingawa kipokezi chake chenyewe, kikiwa chini ya anga wazi, hukosea kwa meta tano hivi. Meta tano zinatosha kutenganisha mlango wa bibi na wa jirani.

Aliyewahi kuumbuliwa hadharani na maandishi hayo ni John McAfee, Mmarekani aliyeanzisha kampuni ya programu za kuzuia virusi vya kompyuta. Mwishoni mwa 2012 alikuwa akijificha baada ya polisi wa Belize kutaka kumhoji kuhusu kifo cha jirani yake. Jarida la Vice likamtembelea na kuchapisha picha yake iliyopigwa kwa simu. Ndani ya faili mlikuwa na vipimo vya mahali, na wasomaji wakagundua kwamba yuko Guatemala. Ikiwa mtaalamu wa usalama wa kompyuta na chombo cha habari walipitiwa, volantia wa Jumamosi asione haya.

Turudi kwenye ile “document”, kwa kuwa kosa limeanzia hapo. WhatsApp inapotumiwa picha kwa njia ya kawaida huibana na kuitengeneza upya, na katika kufanya hivyo maandishi ya mahali huachwa nje. Ikitumwa kama faili, haiguswi: ubora unabaki, na mahali pia. Barua pepe na hifadhi za mtandaoni za kugawiana mafaili nazo hupitisha faili lilivyo. Facebook huwaondolea watazamaji maandishi hayo, japo kampuni yenyewe inaweza kuyasoma wakati wa kupokea. Tovuti ndogo ya kikundi mara nyingi haiondoi chochote.

Kinga rahisi ni kutoandika mahali tangu mwanzo. Kwenye simu nyingi za Android, swichi ya kuhifadhi mahali imo katika mipangilio ya kamera yenyewe. Kwenye iPhone, mtu huenda Privacy & Security, kisha Location Services, kisha Camera, akachagua Never. Kwa picha ambazo tayari zimepigwa, mwenye kompyuta anaweza kutumia programu ya bure ya ExifTool. Amri ya kwanza hapa inaonyesha kama mahali pameandikwa, ya pili inapafuta:

```
exiftool -gps:all picha.jpg
exiftool -gps:all= picha.jpg
```

Tofauti ni alama moja ya usawa tu. Mwenye kuitumia ajue kwamba programu hiyo huacha nakala ya awali kwenye folda ileile, yenye jina `picha.jpg_original`, na nakala hiyo bado ina kila kitu. Wako watakaosafisha picha kwa uangalifu kisha wapakie folda nzima.

Kusafisha faili, hata hivyo, hakusafishi picha. Nembo ya shule kwenye sare, maandishi ya duka nyuma ya mtoto, mnara wa msikiti wenye umbo lake: mwenyeji wa mtaa hahitaji setilaiti kutambua hapo ni wapi. Kuuficha uso nako kuna mitego. Mwaka 2007 Interpol ilitangaza kumsaka mtu aliyekuwa akiwadhulumu watoto na kusambaza picha, akiwa ameuvuruga uso wake kwa kuuzungusha kama maji ya kimbunga. Wataalamu wa polisi wa Ujerumani waliuzungusha kinyume, uso ukarudi, na akakamatwa Thailand. Safari hiyo ilikuwa heri, lakini hesabu haibagui: kilichosogezwa kinaweza kurudishwa, na rangi ya kalamu inayopitisha mwanga inaweza kung’arishwa hadi kilicho chini kionekane. Kinachofaa ni boksi la rangi nzito isiyopitisha kitu, kisha picha ihifadhiwe upya kama faili jipya. Au, bora zaidi, uso usipigwe kabisa.

Hapo waratibu wengi hushtuka. Bila uso, nani atachanga?

Wasiwasi wao una msingi. Mwaka 2007 Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walichapisha jaribio lililokuja kuwa maarufu miongoni mwa watafuta michango. Washiriki waliopewa dola tano waliombwa kuchangia shirika la misaada. Waliosimuliwa habari za Rokia, msichana wa miaka saba wa Mali, walitoa wastani wa dola 2.38. Waliopewa takwimu za mamilioni wenye njaa walitoa dola 1.14. Waliopewa Rokia pamoja na takwimu walitoa dola 1.43, kana kwamba hesabu zimepoza moyo uliokwisha kuguswa. Tangu hapo uso wa mtoto mmoja, jina lake na umri wake vikawa kama kanuni ya upishi wa matangazo ya hisani.

Kanuni hiyo inasahau mambo mawili. La kwanza, watafiti waliokusanya majaribio mengi ya aina hii pamoja mwaka 2016 waliona kwamba athari ipo, ila kwa wastani ni ndogo. La pili ndilo lenye faida zaidi kwa kikundi cha Tanga. Small na Loewenstein walikuwa wamefanya jaribio jingine, lililochapishwa 2003, kwa kuomba michango ya kujenga nyumba ya familia yenye shida. Baadhi ya watu waliambiwa familia imekwisha kuchaguliwa. Wengine waliambiwa itachaguliwa. Hakuna upande ulioambiwa ni familia gani. Wala jina, wala picha. Na bado walioambiwa “imekwisha kuchaguliwa” walitoa zaidi.

Kinachosukuma mkono mfukoni, basi, kwa sehemu fulani ni uhakika kwamba yuko mtu mmoja, tayari amejulikana kwa kikundi, anayesubiri. Uhakika huo unaweza kuandikwa bila kumtoa mtoto nje.

Tangazo la kikundi chetu cha kufikirika linaweza kuandikwa upya hivi: “Msichana wa darasa la tatu tuliyemwandikisha wiki hii amepata viatu. Bado anahitaji begi na sare ya pili, shilingi 38,000 kwa jumla. Tutafunga mchango wake tarehe 20.” Picha ni ya viatu vipya sakafuni, vikiwa na miguu ndani yake. Mtoto ni mmoja, hitaji ni moja, lina bei na lina mwisho. Vilivyotoka ni jina, shule, nyumba na msiba wa mama. Msiba huo, kusema kweli, haukuwa na kazi yoyote pale ila kumliza msomaji, na mtoto angekuja kuusoma akiwa kidato cha pili, pengine akionyeshwa na wenzake darasani.

Sheria nazo zimeanza kuuma. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Idhini ya bibi ni lazima, lakini kuiomba kuna adabu yake. Iombwe baada ya viatu kukabidhiwa. Ikiombwa kabla, bibi atahofu kwamba akikataa mjukuu ataondoka miguu mitupu, na jibu lake litakuwa bei ya viatu.

Inabaki njia ya kusambaza. Volantia wengi hupiga skrinishoti ya tangazo na kuitupa kwenye makundi ya familia, ya msikiti, ya wazazi wa shule. Inapendeza, inafunguka haraka, haili bando kubwa. Lakini skrinishoti huachana na tangazo lililoizaa. Mchango ukifungwa tarehe 20, picha itaendelea kuzunguka hadi mwakani, na tapeli akibadilisha namba ya malipo iliyomo, mpokeaji hana pa kulinganisha. Kiungo cha ukurasa wa kikundi hakina udhaifu huo: namba ni ile iliyoko kwenye ukurasa, na mchango ukifungwa ukurasa husema umefungwa. Bibi akibadilisha mawazo, ukurasa unafutwa, na viungo vyote vilivyosambaa havifungui kitu tena.

Jambo hilo la kubadilisha mawazo ndilo ambalo picha iliyofowadiwa hailiruhusu. Kwenye WhatsApp, “Delete for everyone” hukubali kwa siku mbili hivi tu tangu ujumbe utumwe, tena haigusi nakala ambazo wengine wameshazituma mbele au zilizojihifadhi kwenye simu zao. Kiungo chenyewe kina tundu moja. Kile kijipicha kinachotokea juu yake hutengenezwa na simu ya anayetuma na kusafiri pamoja na ujumbe, kwa hiyo hubaki kwenye mazungumzo hata ukurasa ukiondolewa. Mratibu anayejua hivyo huweka nembo ya kikundi iwe picha ya mbele ya ukurasa, na ile ya miguu na viatu huiweka ndani.