Tishari la Unga na Hesabu ya Uzembe

Januari 1944, katika bandari ya New York, tishari liitwalo Anna C, lililosheheni unga wa serikali ya Marekani, lilikatika kutoka gatini. Wahudumu wa boti la kukokota walikuwa wamezichezea kamba zake. Likachukuliwa na maji, likagonga meli ya mafuta, rafadha ya meli hiyo ikalitoboa, likazama. Mlinzi wake alikuwa ameondoka tangu jana yake, saa 21 kabla.

Je, mwenye tishari naye alikuwa na kosa? Mwaka 1947 Jaji Learned Hand alijibu kwa hesabu: gharama ya tahadhari ilinganishwe na ukubwa wa hasara ukizidishwa kwa uwezekano wa hasara hiyo kutokea. Tuseme mlinzi analipwa dola 20, hasara ni dola 10,000, na uwezekano ni mmoja katika mia. Hatari hiyo ina thamani ya dola 100. Kuacha kutumia 20 hapo ni uzembe, na mwenye tishari alibebeshwa sehemu ya hasara.

Mwaka 1972 Richard Posner aliifanya kanuni hiyo nguzo ya uchumi wa sheria: fidia humsukuma mtu kuzuia ajali pale tu kuzuia kunapogharimu kidogo kuliko ajali yenyewe.

Wapinzani huuliza uwezekano huo unapimwaje. Hand mwenyewe alikiri baadaye kwamba ni vigumu kuupa tarakimu. Pingamizi zito zaidi ni hili: unga una bei sokoni, mguu wa mtoto hauna. Tena anayeokoa dola 20 si yule anayeumia.